Maswali mnayouliza sana kuhusu kuichimba kampuni kabla ya usaili (tunatumia mfano wa benki)

Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia inboksi, mana nikijibu mmoja mmoja naishia kuandika kitu kile kile. Nimechagua mfano mmoja tuuchimbe mpaka chini: umeitwa usaili wa afisa mikopo kwenye tawi la benki, na benki yenyewe tuseme ni CRDB. Nimeichukua hiyo kwa sababu iko kwenye soko la hisa la Dar es Salaam (DSE) tangu 2009, kwahiyo karatasi zake ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye simu na bando. Ukiitwa NMB au benki nyingine njia ni ile ile, na wasio wa benki nimewawekea sehemu yao huko chini.

Nianzie wapi? Nimefungua websaiti yao nimesoma dira na dhamira, inatosha?

Haitoshi, na kusema kweli hiyo ndio sehemu yenye faida ndogo kuliko zote. Dira na dhamira kila anayeitwa anaisoma usiku wa kuamkia usaili, paneli inaisikia kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni, wewe wa kumi na moja ukiirudia hakuna anayeandika kitu kwenye karatasi yake.

Anzia kwenye tangazo la kazi. Lichukue, uweke alama kwenye vitenzi, yaani kile wanachotaka mtu akifanye. Kwa afisa mikopo utakuta kutafuta wateja wapya, kuchambua maombi ya mkopo, kufuatilia marejesho, kuuza na huduma nyingine za benki. Hapo una vitu vinne, na kila utakachokitafuta kuanzia hapo kiwe kinajibu kimoja kati ya hivyo vinne. Usipofanya hivi utazunguka masaa kwenye Google unasoma habari za udhamini wa mpira na uzinduzi wa matawi, unalala umechoka na huna cha kusema.

Ukishajua unatafuta nini, karatasi ya kwanza kuifungua ni taarifa ya fedha ya robo mwaka. Benki zote Tanzania zinatakiwa kuzichapisha, ndio zile kurasa nzima za magazeti zilizojaa namba ambazo watu wanafungia vitumbua. Ziko pia kwenye websaiti za benki zenyewe, na ukishindwa kuiona haraka andika hivi Google:

```
site:crdbbank.co.tz filetype:pdf financial statements
```

Chukua ya robo ya karibuni na ya robo kama hiyo mwaka uliopita. Mbili tu.

Kaka mimi sio mhasibu, hizo namba nazisomaje?

Huhitaji uhasibu, unahitaji mistari kama mitano hivi. Ila kabla ya hiyo mitano angalia vitu viwili juu ya jedwali, mana hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Cha kwanza, namba zimeandikwa kwa mamilioni ya shilingi. Ukiona 171,830 hiyo sio laki moja na elfu sabini na kitu, ni bilioni 171.83. Nimemsikia mtu akitaja faida ya benki nzima kama milioni mia tatu mbele ya meneja wa tawi, na kila kitu alichosema baada ya hapo kikawa hakina uzito tena. Cha pili, angalia safu imeandikwa `Group` au `Bank`. CRDB ina kampuni tanzu Burundi tangu 2012 na nyingine Kongo, Lubumbashi, iliyoanza 2023, sasa safu ya kundi inajumlisha zote. Kama kazi unayoomba ni ya tawi la Tanzania, soma safu ya benki, na usichanganye moja huku moja kule.

Haya sasa mistari yenyewe. Kwenye mizania tafuta mikopo waliyotoa na amana za wateja, uone zimekua au zimepungua ukilinganisha na mwaka uliopita. Alafu shuka chini kabisa kwenye viashiria, kuna mstari unasema `Non performing loans to total gross loans`, hiyo ndio asilimia ya mikopo chechefu, yaani mikopo isiyolipwa vizuri ukiilinganisha na mikopo yote. Kwa afisa mikopo huu ndio mstari wa maisha yako. Benki Kuu inataka usizidi 5%. Na chini hapo hapo kuna idadi ya matawi na idadi ya wafanyakazi, watu wanairuka ile lakini inasema mengi: matawi hayajaongezeka ila mikopo imekua sana, maana yake wanasukuma kazi kwa mawakala na simu, au kila afisa anabebeshwa wateja wengi zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano, namba nimezitunga ili uone tu. Tuseme mwaka jana benki ilikuwa na mikopo ya bilioni 1,000 na chechefu bilioni 40, hiyo ni 4%. Mwaka huu mikopo bilioni 1,300 na chechefu bilioni 45, ambayo ni kama 3.5%. Mtu atakimbilia kusema hongereni mmepunguza mikopo chechefu. Hapana, chechefu imeongezeka kwa bilioni tano, ila mikopo mipya imeongezeka zaidi kwahiyo asilimia imeshuka, na mkopo mpya hauwezi kuharibika mwezi wa kwanza, unaharibika baadaye. Asilimia inaweza kushuka pia kwa sababu benki imefuta mikopo mibovu kwenye vitabu, wakati mteja bado hajalipa hata mia. Ndio maana angalia na mstari wa hasara ya mikopo kwenye taarifa ya mapato, kama umepanda sana wakati asilimia imeshuka basi huenda kuna kusafisha vitabu kumefanyika.

Na usilinganishe robo ya kwanza na ya pili ukadhani umepata siri. Mikopo ya kilimo ina msimu wake, inatoka wakati wa pembejeo inarudi baada ya mavuno. Linganisha Machi na Machi, Juni na Juni.

Ripoti ya mwaka ina kurasa mamia, nisome zote?

Usisome zote. Soma barua ya mwenyekiti wa bodi, barua ya mkurugenzi mtendaji, na sehemu ya vihatarishi. Barua zinakuambia benki inaenda wapi, sehemu ya vihatarishi inakuambia inaogopa nini, na hiyo ya pili ndio wasailiwa karibu wote hawaifungui.

Unachotafuta kwenye barua ni kitu ambacho benki imeweka pesa. Maneno kama ubunifu na ubora yako kwenye kila ripoti ya kila kampuni, hayo yapite. Mfano, 2019 CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ule wanaouita GCF, na 2023 wakatoa hatifungani ya kijani waliyoiita Kijani Bond, walilenga bilioni 40 wakapata bilioni 171.8. Sasa hiyo sio sifa ya kwenda kuwapongeza nayo. Jiulize: pesa ya hatifungani ya kijani lazima iende kwenye miradi inayohesabika kuwa ya kijani, nani atawatafuta hao wakopaji? Maafisa mikopo kwenye matawi. Hapo ndipo habari ya makao makuu inapogusa kiti unachokiomba wewe.

Sasa nimepata mambo mengi, nayageuzaje kuwa maneno ya kusema?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoishia njiani. Wanakusanya vizuri alafu wanaenda kuyakariri.

Kwenye daftari chora safu tatu. Ya kwanza: nimegundua nini. Ya pili: kwa kazi hii hicho kitu kinamaanisha nini. Ya tatu: mimi nimewahi kufanya nini kinachofanana. Kama safu ya tatu huna cha kuandika, futa mstari mzima hata kama ulichogundua ni kizuri namna gani, kwa sababu paneli inataka kukuajiri wewe, haijakuita uwahadithie benki yao.

Twende na mfano. Tuseme ni dada aliyefanya kazi kwenye SACCOS ya wakulima wa mboga Lushoto, anaomba uafisa mikopo, na tangazo linasema tawi liko Tanga.

Mstari wake wa kwanza. Amegundua: mikopo inakua haraka mwaka hadi mwaka. Kwa kazi hii inamaanisha: tawi litataka wateja wapya wengi, ila afisa atapimwa pia kwa marejesho, na mkopo mpya unaharibika kimya kimya kabla haujaonekana kwenye ripoti. Yeye amefanya: kwenye SACCOS alikuwa anampigia mteja siku tano kabla ya tarehe ya rejesho, hasubiri achelewe, na anaenda shambani mara moja kabla ya mavuno kuona mzigo upo kweli. Hiyo inakuwa hoja nzima, na ikitoka mdomoni inakuwa hivi:

"Nimeona kwenye taarifa zenu mikopo imekua vizuri ukilinganisha na mwaka jana. Kwa afisa wa tawi naona changamoto itakuwa kuifuatilia ile mipya kabla haijaanza kuchelewa. Kule nilikokuwa nilikuwa nawapigia wateja kabla ya tarehe, na wa kilimo nilikuwa nawatembelea kabla ya kuvuna, kwahiyo aliyekuwa anaelekea kushindwa tulikuwa tunamjua mapema tunapanga naye upya."

Sekunde kama arobaini. Angalia kwamba hajataja hata asilimia moja. Akiulizwa imekua kwa kiasi gani, hapo ndio anaitaja, kwa sababu anaijua. Namba kaa nayo mfukoni.

Mstari wa pili. Amegundua: Kijani Bond. Kwa kazi hii: tawi linahitaji wakopaji wenye miradi inayokubalika. Yeye: aliwahi kuwasaidia wanachama wa SACCOS kuandaa maombi ya mkopo wa umwagiliaji wa matone, anajua wanakwama wapi, mara nyingi ni kwenye ankara ya kifaa na hati ya shamba. Hoja nzuri, tena hii ina faida ya ziada kwamba anawaletea wateja anaowajua jinsi wanavyofikiri.

Mstari wa tatu ulikuwa wa Burundi na Kongo. Amegundua benki iko nchi tatu. Kwa kazi ya tawi la Tanga inamaanisha nini? Kidogo sana. Yeye amefanya nini? Hakuna. Umefutwa. Angekuwa anaomba kitengo cha biashara ya mipakani Kigoma, mstari huo huo ungekuwa wa kwanza.

Niandae hoja ngapi?

Tatu, nne ukizidi. Usaili wa dakika ishirini na tano haubebi zaidi ya hapo, na ukiwa na kumi utakuwa unatafuta pa kuzichomeka badala ya kusikiliza swali. Ila kila hoja iwe na uwezo wa kujibu maswali zaidi ya moja. Ile ya kufuatilia marejesho inajibu "tueleze kuhusu wewe", inajibu "kwa nini tukuajiri", na inajibu "utafanya nini miezi mitatu ya kwanza".

Alafu fanya mazoezi kwa lugha ya usaili. Benki nyingi zinasaili kwa Kiingereza hata kama kazi yenyewe utaongea Kiswahili na wateja kutwa nzima. Ukiandaa hoja kwa Kiswahili kichwani alafu ukaitafsiri pale pale mbele ya watu, itakuponyoka. Iseme kwa sauti, kwa lugha utakayoulizwa, mara kadhaa, mpaka isikike kama unaongea sio unasoma.

Wakiuliza "unafahamu nini kuhusu sisi" nimwage vyote?

Usimwage. Sema vitu viwili, sentensi moja ya walivyo na sentensi moja ya wanakoelekea, alafu hapo hapo unganisha na kazi. Kama: "Najua mlitokana na ile benki ya ushirika na maendeleo vijijini iliyobinafsishwa 1996, na naona mpaka leo kilimo bado mnakiwekea nguvu, kupitia hatifungani ya kijani na miradi ya tabianchi. Hilo ndilo lililonivuta kwenye nafasi hii, kwa sababu wateja niliowahudumia mpaka sasa ni wakulima wadogo." Kisha nyamaza. Wakitaka zaidi watauliza, na wakiuliza zaidi ndio wameingia uwanjani kwako.

Mwaka wa kuanzishwa ukiutaja peke yake bila kuuunganisha na kitu ni sawa na kusoma bango. Na jina la mkurugenzi mtendaji lijue, ila lihakiki asubuhi ile ile, viongozi wanabadilika na websaiti nyingine zinachelewa.

Nimekuta habari mbaya kuwahusu, niitaje?

Inategemea habari yenyewe na kazi yenyewe. Kama ni kesi mahakamani, ugomvi wa wakurugenzi au maneno ya mitandaoni, usiyaguse, huna ushahidi na waliokaa mbele yako huenda hawaruhusiwi kuongelea. Ila ni haki yako uyajue kwa ajili ya uamuzi wako mwenyewe ukipewa barua ya ajira.

Kama ni tatizo la kazi, mfano mikopo chechefu imepanda, au wateja wanalalamika mtandaoni apu inagoma mwisho wa mwezi, hapo unaweza kulitumia ila uje na mlango wa kutokea. Huwaambii "mikopo yenu mibovu imeongezeka". Unasema nafasi hii nadhani inahitaji mtu makini kwenye ufuatiliaji, na unaleta mfano wako. Wao wanaijua namba yao kuliko wewe, watasikia kwamba umeiona.

Na malalamiko ya mitandaoni yapime. Watu watano wanaolalamika kitu kimoja kwa miezi tofauti, hiyo ni dalili. Mmoja aliyeandika mara ishirini siku moja ni mteja mwenye hasira, labda ana haki, ila sio picha ya benki nzima.

Nimeitwa kampuni ndogo, haina taarifa yoyote mtandaoni, nafanyaje?

Kampuni binafsi Tanzania haichapishi hesabu zake, kwahiyo usipoteze muda kuzitafuta. Kuna BRELA, kwenye mfumo wao wa usajili unaweza kuhakiki kama jina lipo na kampuni ni hai. Kenya kitu kama hicho kinapatikana kupitia eCitizen. Hii ifanye hata kama huhitaji hoja, ifanye kujilinda, hasa ukipewa "usaili" sehemu isiyoeleweka au ukiombwa pesa ya fomu, ya sare au ya vipimo kabla hujaajiriwa. Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ili akusaili, funga simu.

Baada ya hapo tumia miguu. Kama wanauza kitu, nenda dukani kakinunue au ukiulizie bei, ulizia na cha mshindani wao. Muulize muuza duka mzigo unakuja siku gani na nini kinaisha haraka. Mtu anayeomba kazi ya mauzo kwenye kiwanda cha unga akiwaambia paneli kwamba amepita maduka ya Mbagala na Tandika, ule ujazo wa kilo moja unaisha katikati ya wiki wakati wa kilo tano upo tele, hiyo ni hoja ambayo hakuna websaiti ingempa. Na benki pia fanya hivyo: nenda tawini, kaa kwenye foleni, tazama watu wanakwama dirisha gani, pita kwa wakala wawili watatu uwaulize floti inawaishia saa ngapi.

Shirika la umma, fungua ripoti ya CAG, inatoka kila mwaka na inataja mashirika kwa majina na hoja zao za ukaguzi. NGO, tafuta nani anawapa pesa na mradi unaisha lini, hiyo tarehe itakuambia kama mkataba wako utakuwa wa miaka mitatu au wa miezi saba. Kama makao makuu ya NGO yako Marekani, fomu yao ya kodi inayoitwa 990 iko wazi mtandaoni, na ya Uingereza hesabu ziko kwa Charity Commission.

Naruhusiwa kuongea na wafanyakazi waliopo?

Ndio, na dakika kumi na mtu wa ndani zinaweza kuzidi siku nzima ya kusoma, ila uliza vitu vya kazi. Siku yako ya kawaida inaendaje? Afisa mpya anapewa wateja wa nani, wake au wa aliyeondoka? Anapimwa kwa mikopo anayotoa au kwa inayorejeshwa, au vyote? Kinachowachosha wageni miezi ya mwanzo ni nini?

Usiombe maswali ya usaili wala majina ya wateja wala namba za tawi zisizochapishwa. Utamweka mwenzio pabaya, na ukitamka kitu kama hicho mbele ya paneli watajiuliza kimevujia wapi, na benki mtu asiyetunza siri hawamtaki hata kama ana shahada tatu. Vile vile usimtaje: sema "nimeongea na watu wa kwenye sekta", basi.

Mwisho wakisema "una swali lolote", niulize nini?

Hapa ndio utumie ile mistari uliyoipata ukaona inahusu kazi ila huna mfano wako wa kuiunganisha. Yule dada wa mfano wetu angeweza kuuliza: "Kwa tawi hili, sehemu kubwa ya mikopo ni ya wafanyakazi au ya wafanyabiashara na wakulima?" Au: "Mikopo ya kijani maombi yanaamuliwa tawini au yanaenda makao makuu?" Ni maswali ambayo mtu aliyesoma ndio anaweza kuyauliza, na majibu yake yanakusaidia kweli ukiipata kazi. Usiulize kitu ambacho jibu lake liko ukurasa wa kwanza wa websaiti. Mshahara subiri mpaka waufungue wao, au uulize kwa mtu wa rasilimali watu baadaye.

Nimepigiwa simu leo usaili kesho asubuhi, nimechelewa?

Hujachelewa, punguza tu. Nusu saa tangazo la kazi na vitenzi vyake. Saa moja taarifa mbili za robo mwaka, mistari ile mitano. Nusu saa barua ya mkurugenzi mtendaji kwenye ripoti ya mwaka. Muda mwingine wote uliobaki mpe safu ya tatu, mifano yako mwenyewe, na kuisema kwa sauti. Ukibanwa zaidi ya hapo acha ripoti ya mwaka, ila safu ya tatu usiiache.

Kama tangazo la kazi limeshaondolewa mtandaoni na hukulihifadhi, mpigie aliyekuita umuombe maelezo ya kazi akutumie kwa barua pepe au wasap. Ni ombi la kawaida kabisa, na siku nyingine ukituma maombi popote piga skrinishoti ya tangazo siku hiyo hiyo.